Mhariri Aliyemuua Bibi Yangu

Bibi yangu alikufa kwenye ukurasa wa pili wa insha yangu. Sikumuua mimi. Nilipoituma ile insha alikuwa mzima, amekaa barazani kwake Pangani, anasuka ukili na kuwasema wapita njia. Ilipochapishwa nikamkuta marehemu.

Hivi ndivyo nilivyoandika: "Bibi yangu alizaliwa Pangani na hajawahi kuihama. Kila jioni hukaa barazani. Anasuka ukili, na hapiti mtu bila kuulizwa anatoka wapi." Na hivi ndivyo ilivyotoka: "Bibi yangu alizaliwa Pangani na hakuwahi kuihama. Kila jioni alikaa barazani. Alisuka ukili, na hakupita mtu bila kuulizwa alitoka wapi."

Shangazi alinipigia simu kutoka Tanga kabla hata mimi sijaisoma. "Mwanangu, mbona unamwandika mama kama ameshazikwa?" Nikampigia mhariri. Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu aliyenifanyia hisani: "Aya yako ilianza na wakati uliopita halafu ikahamia uliopo. Nimekuwekea sawa."

Nimekuwekea sawa! Hilo neno ndilo lililoniketisha leo kuandika. Nimekaa kwenye vyumba vya habari miaka kumi sasa, na nimeshaona nyakati zikiwekwa "sawa" mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nasema hivi: kazi ya kutafuta mahali nyakati zilipoteleza ndani ya simulizi ni kazi ya lazima, na wengi wetu tunaifanya vibaya. Tunaifanya kwa sheria tuliyoletewa, wakati lugha yetu ina sheria yake.

Kwenye suala hili kuna kambi mbili. Ya kwanza ni wapiga pasi. Hawa wakiona -li- kwenye sentensi ya kwanza, basi kila kitenzi kinachofuata lazima kivae -li-. Wanaipitisha pasi aya nzima mpaka inyooke. Ya pili ni watu wa mtindo. Huyu ukimwonyesha kuwa ametoka -li- akaenda -na- akarudi -li- bila sababu, anakutazama kwa huruma: "Huo ni mtindo wangu." Mpiga pasi anaharibu kazi ya mtu mwingine, mtu wa mtindo anaharibu yake mwenyewe. Wote wawili wamekwepa swali lile lile, nalo ni hili: mwandishi alikusudia nini hapa, na ushahidi uko wapi?

Ili kulijibu, tukubaliane kwanza kuhusu namna Kiswahili kinavyosimulia. Sitawachosha na istilahi. Simulizi ya Kiswahili inakuwa na kitenzi kimoja kinachofanya kazi ya nguzo. Mara nyingi kinabeba -li-: "Jumamosi nilikwenda Kariakoo." Nguzo ikishasimama, vitenzi vinavyofuata vinaegemea. Matukio yanayofuatana huegemea kwa -ka-: nikanunua, nikalipa, nikaondoka. Jambo linaloendelea wakati tukio linatokea huegemea kwa -na- au -ki-: nilimkuta analia, nilimwona akilia. Hali iliyokwisha kuwapo huegemea kwa -me-: nilikuta mlango umefunguliwa.

Angalia sasa. "Nilimkuta analia" ina -li- na -na- ndani ya sentensi moja, na hakuna Mswahili aliyeshtuka. Ile -na- haisemi kwamba analia leo wakati unasoma. Inasema alikuwa katikati ya kulia pale nilipomkuta. Saa yake inafuata saa ya "nilimkuta". Vivyo hivyo "nilikuta mlango umefunguliwa". Mpiga pasi anayeandika "nilikuta mlango ulifunguliwa" amebadilisha habari, maana sasa msomaji anauliza ulifunguliwa lini, na je, nilipofika ulikuwa bado wazi?

Hali ni mbaya zaidi kwa vitenzi vya mkao na mavazi. Amelala, amesimama, amekaa, amevaa: kwa hivi, -me- inaeleza jinsi mtu alivyo. "Nikamkuta baba amelala" ni picha ya mzee kitandani. Geuza iwe "nikamkuta baba alilala" na huna picha tena, una sentensi inayochechemea. "Amevaa kanzu" ni mtu aliye ndani ya kanzu; "alivaa kanzu" ni mtu anayeingiza mikono. Sasa rudi juu kwenye aya yangu ya kwanza: "alikuwa mzima, amekaa barazani kwake Pangani, anasuka ukili." Nguzo moja, viegemeo viwili. Kama ulipoisoma hukukwama, basi sikio lako linajua sarufi hii kuliko mhariri wangu.

Hiyo sheria ya pasi ilitoka wapi basi? Nadhani kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye Kiingereza. Hapa Tanzania tunaingia sekondari na masomo yanageuka Kiingereza, na mojawapo ya mambo ya mwanzo tunayokaririshwa ni kwamba kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, kile kilicho chini yake nacho kirudishwe nyuma. Kwa Kiingereza ni sawa, ndivyo wanavyosema wenyewe. Kiswahili hakirudishi. Mtu akisema "naumwa", mimi nikiripoti kesho yake nitasema "alisema anaumwa". Nikiandika "alisema aliumwa", nimeripoti kwamba aliwahi kuumwa na wakati anasema huenda alikuwa ameshapona. Kwenye habari ya mahakamani tofauti hiyo inaweza kumfanya shahidi aonekane mwongo. "Shahidi alisema anamdai mshtakiwa" na "shahidi alisema alimdai mshtakiwa" si habari moja: katika ya pili hatujui kama deni bado lipo. Nimeona mabadiliko ya namna hii yakipita mezani bila mtu kuinua kichwa, kwa sababu tu ukurasa ulionekana umenyooka zaidi.

Lakini nisiwape ushindi wa bure watu wa mtindo. Kuna kuteleza kwa kweli, na kwetu sisi waandishi wa habari tunaojaribu hadithi ni ugonjwa wa kazini. Tazama gazeti lolote. Kichwa cha habari hutumia -a-: "Basi lapinduka". Sentensi ya kwanza hutumia -me-: watu kadhaa wamejeruhiwa. Chini yake inaingia -li-: ajali hiyo ilitokea jana alfajiri. Nyakati tatu kwa tukio moja, na kila moja ina kazi yake: kichwa kinatangaza, mwanzo unaleta hali ilivyo sasa, mwili unasimulia. Ukikaa miaka kumi ukiandika hivyo, mkono unazoea kubadili kiambishi kila baada ya mistari michache. Ukija kwenye hadithi mkono unafanya vile vile, ila huku hakuna kichwa wala mwanzo wa habari. Kuna mtu mmoja anayekusimulia, na wewe umempoteza.

Chanzo cha pili ni mdomo. Tukisimulia barazani au kijiweni, jambo likipamba moto tunahamia -na-: "Basi bwana, nafika pale, namkuta jamaa kasimama, ananiangalia." Mdomoni inafaa sana, kwa sababu sauti, macho na mikono vinamwambia msikilizaji kwamba tumeingia ndani ya tukio, na vitamwambia tukitoka. Karatasi haina mikono. Mwandishi anapoandika huku anajisikia akisimulia, -na- inaingia yenyewe, na anapopumzika kunywa chai na kurudi, -li- inarudi. Hakuna kilichokusudiwa hapo, ni mapumziko ya chai yaliyochapishwa.

Tufanye kazi yenyewe sasa. Dada mmoja aliyekuwa kwenye warsha niliyosaidia kuiendesha alileta hadithi, na ameniruhusu nitumie aya yake mradi nisimtaje. Jina la mzee nimelibadili. Isome mara moja bila kusimama.

"Siku hiyo niliamka mapema. Mama alikuwa jikoni anachochea kuni na moshi umejaa nyumba nzima. Nikachukua ndoo nikaenda bombani. Njiani nakutana na Mzee Kondo, ananisalimia kama kawaida, lakini uso wake umebadilika. Nilimuuliza kuna nini. Akasema baba yuko hospitali tangu usiku. Ndoo inaanguka. Niligeuka nikakimbia nyumbani. Mama hunitazama bila kusema neno, na hapo nimejua kuwa alijua tangu alfajiri."

Ni aya nzuri, ina kitu ndani yake. Ukiisoma kwa haraka unahisi kuyumba lakini huwezi kunyoosha kidole. Ndiyo maana hatua ya kwanza si kusahihisha. Chukua penseli, chora mstari chini ya kila kitenzi chenye kiambishi cha wakati, kisha andika viambishi peke yake pembeni, kwa mpangilio. Kwenye aya hii viko kumi na saba: -li-, -li-, -na-, -me-, -ka-, -ka-, -na-, -na-, -me-, -li-, -ka-, -na-, -li-, -ka-, hu-, -me-, -li-. "Kuna" na "yuko" hazimo, hazina kiambishi cha wakati, zinachukua saa ya jirani. Faida ya kuviandika pembeni ni kwamba hadithi inanyamaza kidogo. Ukiwa bado unamwonea huruma huyo binti na ndoo yake, huoni viambishi.

Hatua ya pili ni kuuliza kila kisicho -li- wala -ka-: wewe umeegemea wapi? "Anachochea" imeegemea "alikuwa". Iache. "Umejaa" nayo imeegemea "alikuwa" hiyo hiyo, maana ni picha moja ya jikoni asubuhi ile. Iache. Mpiga pasi hapa angeandika "Mama alikuwa jikoni alichochea kuni na moshi ulijaa", na angekuwa amevunja sentensi mbili nzima akidhani anazitibu.

"Nakutana" haiegemei popote. Ni tukio kuu, linasukuma hadithi mbele, na kabla yake kulikuwa na "nikachukua, nikaenda". Mnyororo ulikuwa unakwenda, pingili moja ikawa ya chuma kingine. "Ananisalimia" imemfuata mwenzake. Tunao basi mtelezo wa kwanza. Lakini kuona mtelezo hakukuambii upande upi ndio nyumbani. Pengine alitaka hadithi nzima iwe ya -na- na mwanzo ndio ulikosewa. Hapo ndipo watu wanapotupa penseli na kuhesabu kura: -li- ni tano, -na- ni nne, imeshinda -li-. Mimi sikubali kura. Nataka ushahidi, na kwenye aya hii uko wa namna tatu.

Ushahidi wa kwanza ni maneno ya wakati. "Siku hiyo" ni maneno ya mtu aliyesimama mbali na siku yenyewe. Anayesimulia akiwa ndani ya tukio angesema "leo", au asiseme kitu.

Ushahidi wa pili ni -ka-. Zimo nne, na -ka- ya simulizi kwa kawaida inataka kitu kilichopita cha kujishikiza. Hadithi inayosimuliwa kwa -na- hufunga matukio yake kwa -na- tena na tena: nachukua ndoo, naenda bombani, nakutana na mzee. Mwandishi aliyekusudia wakati uliopo asingezalisha -ka- nne kwenye mistari michache namna hii.

Ushahidi wa tatu ndio ninaoupenda, kwa sababu ni kama alama ya kidole. Tazama "Nilimuuliza kuna nini". Mnyororo ungekuwa mzima hapo ungeona "nikamuuliza", kwa kuwa ni tukio linalofuata lingine moja kwa moja. Kwa nini amesimika -li- upya? Kwa sababu alishtuka. Mkono wake ulihisi kwamba umepotea njia, ukasimika nguzo mpya ili ushike tena. Mara nyingi mtelezo usiokusudiwa unafuatwa na -li- isiyo na sababu nyingine. Anayehama kwa makusudi hana haja ya kushtuka hivyo. Na ukiongeza kwamba ameandika "nakutana", umbo fupi la mdomoni, badala ya "ninakutana", unasikia kabisa mahali barazani ilipoingia kwenye karatasi.

Kwa hiyo nyumbani ni wakati uliopita. "Nakutana" iwe "nikakutana", "ananisalimia" iwe "akanisalimia", na "nilimuuliza" iwe "nikamuuliza", maana ile nguzo ya dharura haihitajiki tena.

Kuna kitu kinachojificha hapo katikati: "uso wake umebadilika". Mwanzoni kiliegemea -na- ya "ananisalimia". Ukiitoa -na-, kinabaki kinaning'inia, kwa sababu "lakini" imekitenga kikawa sentensi inayojisimamia. Una njia mbili. Ama ukipe nguzo yake, "lakini uso wake ulikuwa umebadilika", ama ukipe jicho la kukiona, "lakini nikaona uso wake umebadilika". Kukigeuza kuwa "ulibadilika" si njia ya tatu, maana hapo uso unabadilika mbele yako wakati wa salamu. Mzee Kondo alikuja na uso huo tangu alikotoka. Hili ndilo kosa la kawaida la wahariri wazuri: unatibu kitenzi kimoja, unasahau kuangalia kilichokuwa kimekiegemea.

"Hunitazama" ni rahisi. Hu- ni ya mazoea, ya jambo linalorudiwa au la siku zote. Mama alitazama mara moja, asubuhi ile. Kuna waandishi wanaoamini kwamba hu- ni njia ya kifasihi ya kusema -na-, na imani hiyo sijui imetoka wapi. Iwe "akanitazama". "Nimejua" nayo inamleta msimulizi mpaka kwenye kiti anachokalia leo, kana kwamba amegundua sasa hivi. Lakini ameshasema "hapo". Iwe "nikajua". "Alijua" baada yake inakaa vizuri, kwa sababu kujua kwa mama kulitangulia kujua kwa binti, na -li- hapo inafanya kazi ya kutangulia.

Imebaki moja. "Ndoo inaanguka."

Kwa ushahidi wote niliokwisha kuutaja, hii nayo ilipaswa kuwa "ndoo ikaanguka". Warsha nzima ilisema hivyo, na mimi nikiwemo. Yule dada akakataa. Akasema zile nyingine hata hakuwa ameziona, ila hii aliiweka kwa mkono wake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema: "Kwa sababu sikumbuki niliiachia. Naiona tu inaanguka. Mpaka leo naiona."

Hapo nilinyamaza. Hilo ni jibu. Mtu anayesema "ni mtindo wangu" hajajibu kitu, lakini huyu aliniambia kile kitenzi kinafanya nini, kwa nani, na kwa nini hapo na si pengine. Ukiangalia tena kwenye karatasi, unamwona anayo hoja: sentensi ni ya maneno mawili, imesimama peke yake, na mara baada yake ipo "niligeuka", nguzo mpya. Safari hii nguzo si ya dharura. Ametoka kwenye wakati uliosimama, anarudi kwenye simulizi, anahitaji mahali pa kukanyaga. "Nikageuka" ingemfanya aikanyage ndoo.

Lakini kwa nini sisi wote hatukuliona kusudi lake? Kwa sababu mistari mitatu juu alikuwa ameshatumia -na- mbili bure. Msomaji aliyekwisha kupewa "nakutana" na "ananisalimia" anafika kwenye "inaanguka" akidhani ni uzembe ule ule. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kuteleza, na watu wa mtindo hawajawahi kuihesabu. Ukiwa na -na- moja ya maana, ni lazima uwe bahili wa nyingine zote.

Aya ikasimama hivi: "Siku hiyo niliamka mapema. Mama alikuwa jikoni anachochea kuni na moshi umejaa nyumba nzima. Nikachukua ndoo nikaenda bombani. Njiani nikakutana na Mzee Kondo, akanisalimia kama kawaida, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Nikamuuliza kuna nini. Akasema baba yuko hospitali tangu usiku. Ndoo inaanguka. Niligeuka nikakimbia nyumbani. Mama akanitazama bila kusema neno, na hapo nikajua kuwa alijua tangu alfajiri."

Vitenzi sita vimebadilika. Mpiga pasi angebadilisha vinane: angeviharibu viwili vya jikoni vilivyokuwa sahihi, na angeichukua ndoo. Mtu wa mtindo asingebadilisha hata kimoja, na ndoo ingebaki imezikwa pale pale.

Najua wahariri watanijibu nini, kwa sababu nami nimekaa kwenye hicho kiti. Watasema muda hakuna. Ukurasa unafungwa saa kumi na mbili, kuna kurasa nyingine nne, na mwandishi hapokei simu. Ni kweli. Basi naomba kitu kidogo: palipo na shaka, usiguse. Kitenzi kilichoteleza kikiachwa kinamkwaza msomaji kwa sekunde moja. Kitenzi kilichowekwa "sawa" kimakosa hakimkwazi mtu, kinapita laini kabisa, na ndiyo hatari yake. Hakuna msomaji aliyejua kwamba bibi yangu hajafa, isipokuwa wale waliokunywa naye chai asubuhi hiyo.

Na bibi ndiye anayenionyesha kwa nini sitaki kura. Kwenye aya yangu ile, -li- ilikuwa moja tu na imekaa mbele: "alizaliwa". Mhariri aliifanya nguzo kwa sababu ilikuwa ya kwanza. Lakini kuzaliwa ni habari ya nyuma, mtu huzaliwa mara moja, nayo ilikuwa imepitia tu. Sentensi hiyo hiyo ilikuwa na "hajawahi", na -ja- haikai na marehemu: inasema mpaka sasa bado, na mlango uko wazi. Baada yake ikaja "hukaa". Ushahidi wote ulielekea upande mmoja, na yeye akafuata kitenzi kimoja kwa kuwa kilikuwa kimesimama mlangoni.

Ukitaka kuona -ja- inabeba uzito gani, chukua sentensi ya mtu yeyote aliyepoteza ndugu asijue aliko. "Kaka aliondoka mwaka 1994. Hajarudi." Mpiga pasi ataona -li- ikifuatwa na -ja-, atanyoosha: "Kaka aliondoka mwaka 1994. Hakurudi." Zote mbili ni Kiswahili safi. Ya pili ni ya familia iliyokwisha kukubali. Ya kwanza ni ya mama ambaye bado anaacha chakula kwenye kawa. Mhariri anayebadilisha hiyo amefanya matanga kwenye nyumba ya watu bila kuulizwa, halafu akaenda kunywa kahawa.

Piga simu kwanza. Uliza: karudi, au hajarudi?

Bibi yangu, kwa faida ya waliosoma ile insha, hajambo. Nilimsomea aya iliyochapishwa. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono inaendelea kusuka, halafu akasema, "Mwambie huyo bwana nimezisikia salamu zake za rambirambi. Ubani anilete mwenyewe."